Betri Isiyoomba Maji

Dismasi Ntahondi hakuegesha lori mahali tambarare kama aliweza kuepuka. Pale Mwanga aliliacha juu ya mteremko, Ujiji aliliacha kwenye ule mshuko wa kuelekea ziwani, na akija karakana kwetu Katubuka aliliweka nje ya geti, pua ikitazama chini, ndipo akaingia kwa miguu akiniita kwa kelele. Watu walimcheka. Walisema Dismasi hata kitanda chake kimeinama. Yeye alikuwa anajibu kwamba wacheke tu, siku stata ikigoma watakuja kumwomba lifti wao wenyewe.

Mimi ndiye niliyekuwa fundi umeme wa hilo lori, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Alikuwa dereva mzuri na mbishi kupindukia. Kusoma moshi, kusikia gia, kubembeleza klachi kwenye tope, hapo hakuna aliyemfikia mkoa mzima. Ukimgusia umeme, anakukatiza kabla hujamaliza sentensi. "Ignas, mimi nalala na hili gari." Haya, lala nalo. Nani kakukataza?

Kwenye lile lori betri zilikuwa mbili, kila moja volti kumi na mbili, zimefungwa kwa kufuatana ili stata ipate ishirini na nne. Zilikaa pamoja ndani ya sanduku la chuma nyuma ya kibanda cha dereva. Mwanzoni mwa mwaka ule wa Operesheni, watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vipya, moja ilikufa. Niliomba mbili mpya, maana mpya na kuukuu hazikai vizuri pamoja, lakini stooni ilikuwepo moja tu. Nikafunga hiyo moja. Basi sandukuni zikawa Mpya na Kuukuu, na hivyo ndivyo Dismasi alivyoziita, kama watoto wake.

Halafu likaja suala la spika. Ndugu Martini, Katibu Tarafa, alitaka lori lipite vijijini likitangaza siku za kuhama. Amplifaya ya spika ilitaka volti kumi na mbili, lori lina ishirini na nne. Nikamwambia Katibu tutafute betri ya peke yake kwa ajili ya spika. Akasema nitafute tu, lakini kesho asubuhi wanaondoka. Kesho yake mimi nilikuwa nimeitwa gatini kwenye winchi iliyoungua, na Dismasi hakunisubiri. Alichukua waya mbili, akazifunga kwenye betri moja tu kati ya zile mbili. Aliichagua Mpya, kwa sababu Mpya ina nguvu, na Kuukuu alitaka kuionea huruma.

Ukitazama kwa macho ya kawaida, alichofanya kina akili. Angekuwa mtu mwingine ningempigia makofi.

Wiki zikapita. Lori likawa linaimba na kuhutubia toka asubuhi hadi jioni, na injini mara nyingi imezimwa kwa sababu dizeli ilikuwa ya shida mwaka ule na Katibu hakutaka isikike ikinguruma bure. Nilipoziona zile waya nilizing'oa. Walipofika Kalinzi akazirudisha. Nilimkaripia mbele ya watu, akanicheka mbele ya watu haohao. Stata ikaanza kuguna asubuhi. Akaja kwangu siku moja amebeba chupa ya maji ya betri, amekunja uso.

"Kuukuu inakunywa maji kama ng'ombe," akasema. "Kila nikifungua, iko kavu. Na vichwani imeota unga mweupe. Huyu ndiye mgonjwa wetu."

"Mpya je?"

"Mpya haina neno. Haijawahi kuniomba hata tone."

Nikamwambia alete lori ndani nilipime. Akasema Katibu anamsubiri. Akasafisha ule unga, akajaza maji, akaondoka kwa mteremko, huku akipunga mkono dirishani.

Sasa zamu ya Kabuyenzi ikafika. Kabuyenzi ndiko alikozaliwa Dismasi, kijiji cha vilimani, migomba na kahawa kidogo, na mama yake, Mama Eufrasia, alikuwa bado anaishi kule katika nyumba ya marehemu mumewe. Walipangiwa kuhamia Rubanga, kijiji kipya kwenye uwanda wa Luiche, chini huko ambako ardhi imelala kama mkeka. Dismasi aliomba mwenyewe afanye kazi hiyo. Alisema kama mama yake lazima ahamishwe, basi atahamishwa na mwanawe, asije mtu mwingine akamrusha juu kama gunia. Katibu akakubali, nami nikaagizwa niende nao kwa sababu lori lilishaanza kusumbua.

Nilikuwepo siku ya mwisho. Kabuyenzi yote ilikuwa wazi kwa juu. Migambo walikuwa wamekwisha kuezua nyasi kwenye mapaa ili watu wasirudi, na ukitembea katikati ya zile nyumba unaona mbingu ndani ya vyumba vya watu. Wengi walikuwa wamepelekwa, wengine walitangulia kwa miguu na mbuzi zao alfajiri. Walibaki kina mama wachache na mizigo. Mbili ndizo safari zilizosalia.

Mama mdogo wake Dismasi, Skolastika, alikuwa anakohoa na kulia na kugombana, vyote kwa pamoja. "Mawe, mama wee! Mwaniua! Kifua changu hiki mwakiona? Mnaniacha hapa nifie kwenye jua?" Alimshika Dismasi shati. Alimlaumu Katibu, akanilaumu na mimi, ambaye hata sijui kosa langu ni nini.

Mama Eufrasia alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa, amejifunga kanga mbili, mikono mapajani. Nilimwamkia. Akaitikia shikamoo yangu kwa sauti ndogo, akaniuliza habari za watoto wangu kwa majina. Niliona jasho juu ya mdomo wake, nikadhani ni joto.

"Mama, twende sasa hivi," Dismasi akamwambia. "Kaa mbele na mimi."

"Mpandishe mdogo wangu. Hamumsikii?"

"Na wewe?"

"Mimi sina neno, mwanangu. Bado kuna mihogo na kuku wangu. Utanikuta hapahapa."

Dismasi alisita. Nilimwona, alisita kabisa, mguu mmoja juu ya ngazi ya lori. Skolastika akakohoa tena na kupiga yowe. Basi akapandishwa Skolastika mbele, wengine nyuma, tukaondoka. Dismasi akatoa kichwa dirishani, akasema kwa sauti kubwa kwamba kabla jua halijapinda atakuwa amerudi. Mama yake aliinua mkono kidogo.

Tulifika Rubanga mchana. Tukashusha watu na vyungu na vitanda chini ya miti michache iliyokuwepo. Dismasi aliacha injini ikinguruma, kwa sababu pale hapakuwa na mteremko hata wa kuviringisha chungwa. Ndugu Martini akaja mbio akiwa na kipaza sauti mkononi.

"Ndugu Dismasi, zima. Dizeli iliyobaki ni ya safari moja. Na hawa wananchi hawanisikii."

"Katibu, nikizima siwashi."

"Asubuhi iliwaka."

"Asubuhi ilikuwa kilimani."

"Zima, ndugu yangu. Nawakaribisha dakika chache tu, wajue wapi pa kulala."

Sitaki kumchafua Ndugu Martini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watu wengi wenye njaa mbele yake na dizeli ya kupimwa kwa kijiti, na hakuna aliyemweleza habari za betri akaelewa. Dismasi akazima. Spika ikaunguruma juu ya kibanda, hotuba ikaenda, ikaenda tena, ikaingia maji na vyoo na shamba la kijiji. Mimi nilisimama pale nikiuma meno. Kisha Dismasi akapanda, akabonyeza stata.

Nguu... nguu... kimya.

Akabonyeza tena. Safari hii hata nguu ya pili haikuja.

Tulisukuma. Kijiji kizima kilisukuma, wanawake kwa wanaume. Injini ya dizeli ya namna ile haihitaji umeme, ukiipa mwendo inawaka, lakini udongo wa Luiche ni laini na magurudumu yalikuwa yanazama kila tunapopata mwendo kidogo. Tulilisogeza kama hatua ishirini hivi na kulizika kwenye tope la kisima. Watu wakakaa chini wakihema. Huko vilimani, upande wa Kabuyenzi, wingu jeusi lilikuwa limeanza kusimama. Zilikuwa mvua za kwanza za mwaka.

Dismasi aliliona lile wingu kabla yangu. "Nyumba haina paa," akasema. Kwa miguu hadi Kabuyenzi ni mwendo wa kutwa, na hapakuwa na gari jingine.

Palikuwa na trekta. Trekta la shamba la kijiji lilikuwa limekaa juu ya magogo, tairi la mbele limepasuka tangu wiki iliyopita, lakini betri yake ilikuwa nzima, volti kumi na mbili. Betri moja. Dereva wa trekta, mtu mpole aitwaye Feliksi, akasema tuichukue tu. Hapo nikamshika Dismasi mkono.

"Tuna betri moja nzuri na mahali pawili pa kuiweka. Tupime kwanza ipi imechoka. Nipe dakika kumi."

"Hakuna cha kupima! Kuukuu ndiyo inayokunywa maji. Kuukuu ndiyo yenye unga. Mtoto mdogo anaona!"

"Dismasi—"

"Mama yangu yuko kwenye mvua, Ignas!"

Nikamwachia mkono. Ungekuwa wewe ungesema nini? Akafungua mwenyewe, akaikata Kuukuu, akaitupa nje karibu asidi immwagikie mguuni, akaiweka ya trekta mahali pake. Spana ilimponyoka mara mbili. Tukakaza, akapanda, akabonyeza.

Nguu. Kimya.

Sijawahi kuona uso kama ule. Alitoka kwenye kibanda taratibu, akakaa kwenye ngazi, akashika kichwa. Radi ilisikika vilimani, na sasa hata mawingu hayakuonekana tena, ni ukungu wa kijivu tu ulioshuka juu ya Kabuyenzi. Skolastika alikuwa amekaa chini ya mti akila muhogo wa kuchemsha, na kikohozi kimemwacha.

Nilichukua balbu ya taa ya mbele ya trekta nikaifunga waya mbili. Nikairudisha Kuukuu mahali pake sandukuni ili nizione zote mbili zikifanya kazi pamoja. Nikagusa balbu kwenye Kuukuu: ikawaka vizuri. Nikagusa kwenye Mpya: ikawaka vizuri vilevile. Ndugu Martini, aliyekuwa ameinama nyuma yangu, akasema, "Basi zote nzima?"

"Zikiwa zimelala, zote nzima. Ngoja tuzitwishe mzigo. Dismasi, bonyeza ukiambiwa."

Nilishika balbu kwenye Kuukuu. Akabonyeza. Stata ikaguna, mwanga ukapungua kidogo tu ukabaki. Nikahamia Mpya. "Bonyeza!" Balbu ikafa. Ukabaki uzi mwekundu ndani ya kioo, kisha hata huo ukapotea, na nilipofungua vifuniko vyake na kumwambia abonyeze mara moja ya mwisho, chumba kimoja cha betri kilikuwa kinatoka mapovu kama uji, vile vingine vimetulia.

"Ni Mpya," nikasema.

Dismasi alikuja akasimama. Hakubisha. "Lakini haijawahi kuomba maji," akasema.

Nikamweleza huku nafungua nati, kwa sababu mikono yangu ilikuwa na kazi na mdomo ulikuwa na hasira. Dainamo inazichaji zote mbili kwa pamoja, kiasi kilekile kinapita kote. Lakini spika inanyonya kwenye moja tu. Kuukuu haina deni, kila siku inapewa zaidi ya inachohitaji, inachemka, maji yanakwisha, unga unaota. Mpya haifikii kujaa hata siku moja. Inatumika hotuba nzima, inarudishiwa nusu, kesho tena, kesho tena. Haichemki, kwa hiyo haikauki. Inakufa ndani kwa ndani huku imejaa maji na kichwa kinang'aa.

"Mimi ndiye niliyezifunga waya zile," akasema.

"Ndiyo, ni wewe." Nilikuwa nimekasirika, basi. Ningeweza kusema maneno mengine, sikusema.

Ndugu Martini akavua kofia yake akaikunja mkononi. Akapanda juu ya kibanda mwenyewe, akafungua spika, akazikata waya zote kwa panga la mtu.

Tuliweka ya trekta mahali pa Mpya, Kuukuu ikabaki ilipo. Dismasi akabonyeza na injini ikashika papo hapo, ikatoa moshi mweusi. Watu walipiga vigelegele. Walisukuma tena kututoa kwenye tope, na tukaondoka kwa kasi ambayo lori lile halikuwahi kuiona. Nusu ya njia mvua ilitupokea, na kuanzia hapo barabara ikawa mto, nami nilikuwa nimeshikilia mlango kwa mikono miwili. Dismasi aliendesha akisema peke yake, "Nakuja, Mama. Nakuja."

Tulimkuta jua linazama, kama ungeweza kuliita jua. Hakuwa ameondoka pale aliponiuliza habari za watoto wangu, isipokuwa aliingia ndani ya nyumba yake isiyo na paa na kukaa kwenye pembe, amejifunika mkeka uliolowa chapachapa. Kuku wake alikuwa amewaweka chini ya kanga moja, wakavu. Dismasi alimwinua akamkumbatia. Nilipomshika mkono kumsaidia kupanda, mkono ulikuwa unaunguza.

"Mama, una homa!"

"Tangu juzi," akasema.

"Tangu juzi? Kwa nini hukusema?"

"Mlikuwa na kazi."

Tulimlaza kwenye kiti cha mbele, kichwa chake mapajani mwangu, na Dismasi akaendesha polepole sana, injini haikuzimwa hata tulipofika. Zahanati ya karibu haikuwa na dawa ya maana zaidi ya aspirini. Alihema kwa taabu siku kadhaa chini ya turubai la lori, Skolastika akimpepea usiku na mchana, akilia kwa kweli safari hii na bila kelele. Mara moja nilisikia Dismasi akimwuliza mama yake anataka nini. Akasema hataki kitu, mwanawe naye apumzike tu. Alifariki asubuhi moja kabla ya chai.

Rubanga haikuwa na mahali pa kuzikia. Hakuna aliyekuwa amelifikiria jambo hilo, palikuwa na ramani ya shule na ramani ya shamba. Ikabidi Ndugu Martini na wazee watembee wakichagua, na mwisho wakachagua mahali palipoinuka kidogo, karibu na mwembe mwitu, na Dismasi akachimba na wenzake. Katekista Pastory alisoma. Hakuna aliyetumia kipaza sauti na kila mtu alisikia.

Dismasi aliendesha miaka mingi baada ya pale, na niliendelea kumfungia betri. Alikuwa anazileta mwenyewe kupimwa, zote mbili, hata zikiwa hazina kasoro, na hakunikatiza tena. Tukimaliza alikuwa anakaa kidogo kwenye benchi langu, kisha anaondoka. Sikujua namna ya kumfariji na sikujaribu sana.

Kabla ya mazishi yale watu wa Rubanga walikuwa wakisema "huku tulikoletwa". Ukiwauliza kwao ni wapi, wanaonyesha vilimani kwa kidevu. Baada ya mazishi, taratibu, wakaanza kusema "kwetu Rubanga", kwa sababu sasa palikuwa na mtu wao ardhini. Ndugu Martini alifurahi kulisikia, akamwambia Dismasi kwa nia njema kwamba mama yake ndiye aliyekifanya kijiji kiwe kijiji. Dismasi akamgeukia.

"Ndugu Katibu," akasema, "ningemkuta hajalowa, hata leo hapa pangekuwa kambi tu isiyo na kaburi, na ningeshukuru."